Funza kwenye mzinga: jinsi ya kujua kilichoangusha kundi kabla ya kuokoa masega

Mfugaji anafungua mzinga uliokuwa umejaa nyuki miezi miwili iliyopita. Anakuta nyuki kiganja kimoja, utando kama wa buibui, na funza wanatambaa kwenye masega. Anasema nondo wamemmalizia nyuki. Kisha anafanya kile ambacho karibu kila mtu hukifanya: anakwangua utando, anachagua fremu tatu au nne zinazoonekana nzuri, zenye asali na majana kidogo, yaani watoto wa nyuki, na kuziingiza kwenye mzinga wa pili ili zisipotee bure.

Ndipo hasara kubwa inapoanzia. Mara nyingi funza hao wamefika baada ya msiba. Kundi lenye nyuki wa kutosha kufunika masega yake huwatoa nje viwavi wa nondo wangali wadogo, na huwafukuza mbawakawa na kuwabana pembeni. Wadudu hao wakishinda, kuna jambo lililowapunguza nyuki kwanza. Huenda malkia alikufa, huenda kulikuwa na njaa au sumu ya shambani, huenda kundi liligawanyika na kuacha masanduku makubwa kuliko idadi yao. Na huenda ni ugonjwa wa kuoza kwa majana, ambao vimelea vyake vimebaki ndani ya hizo hizo fremu nne unazotaka kuziokoa.

Kwa hiyo nitaeleza kazi kwa mpangilio ninaoufuata mimi: kwanza funga mlango, pili mtambue mdudu, tatu soma majana, kisha amua nini kinaokolewa na nini kinachomwa. Nitautumia mzinga mmoja wangu kama mfano, kwa sababu nusura nikosee.

Hatua ya kwanza: funga mlango kabla ya kuchunguza

Mzinga dhaifu wenye asali huvutia waporaji. Nyuki wa mizinga mingine wakiujua, watabeba asali yake hadi kwao, na kama kuna ugonjwa wataubeba pamoja na asali hiyo. Punguza mlango ubaki upana wa nyuki mmoja au wawili. Kama hakuna nyuki hai ndani, ziba kabisa kwa nyasi mbichi au kitambaa. Usiache fremu wazi juani huku ukienda kutafuta ushauri. Kagua jioni jioni, fremu moja moja, na kila unayoitoa ifunike.

Hatua ya pili: funza gani huyu?

Chukua kijiti, mtoe funza mmoja, mweke kwenye kiganja au karatasi nyeupe. Watu wengi huwaita wote funza tu, lakini kiwavi wa nondo na buu wa mbawakawa wa mzinga ni wadudu wawili tofauti, na dawa ya mmoja si dawa ya mwingine.

Kiwavi wa nondo mkubwa wa nta ni mnene, rangi ya maziwa inayoelekea kijivu, na akikomaa hufika sentimita mbili na nusu hivi. Ana miguu mitatu mitatu karibu na kichwa, na pia ana vijimiguu laini vya kushikia katikati ya mwili na mkiani. Ukimgusa hukimbia kwa kasi. Anapopita huacha handaki la nyuzi ndani ya sega, limejaa vinyesi vidogo vyeusi kama chembe za baruti. Akitaka kugeuka nondo huchimba kishimo chenye umbo la mtumbwi kwenye ubao wa fremu au ukuta wa sanduku na kujifunga humo. Vishimo hivyo havifutiki, hata mzinga ukioshwa mara kumi utaviona.

Buu wa mbawakawa ni mdogo zaidi, hafiki sana zaidi ya sentimita moja. Ni mkakamavu ukimbonyeza, ana safu za miiba midogo mgongoni, na miguu yake yote sita iko mbele tu. Hatengenezi utando hata kidogo. Alama yake ni ute: sega linang'aa kwa majimaji, asali inatoa mapovu na kuchuruzika nje ya vijumba, na kuna harufu ya machungwa yaliyooza. Harufu hiyo hutokana na hamira ambayo mbawakawa huja nayo, inayochachusha asali. Mbawakawa mwenyewe ni wa kahawia iliyokoza au mweusi, bapa kidogo, urefu wa milimita 5 hadi 7, ncha za vipapasio vyake zimevimba kama rungu. Ukiinua kifuniko cha mzinga huwaona wakikimbia mwanga, wakijipenyeza kwenye nyufa.

Katika mzinga wangu hapakuwa na ute wala harufu ya machungwa. Palikuwa na mahandaki ya nyuzi kwenye fremu mbili za pembeni na vinyesi vyeusi sakafuni. Nondo, bila shaka. Wakati huo ningeweza kuishia hapo. Lakini fremu za katikati zilikuwa bado na majana na nyuki kama elfu mbili waliokuwa wakiyalinda, na nondo hawakuwa wamefika huko. Kama nondo ndio chanzo, kwa nini katikati nako nyuki walikuwa wachache hivyo, ilhali chakula kilikuwepo na malkia nilimwona akitembea?

Hatua ya tatu: soma majana

Toa fremu ya katikati, watikise nyuki warudi ndani, geuka jua liwe nyuma ya bega lako ili mwanga uingie hadi chini ya vijumba. Majana mazima yana sura ya kutulia: vijumba vilivyofunikwa vimepangana bila mapengo mengi, vifuniko ni vikavu, vina rangi ya biskuti na vimebinuka kidogo kuelekea nje. Walio wazi ni weupe kama lulu, wamejikunja kama herufi C chini ya kijumba.

Yakiwa na mapengo mengi, kama mkeka uliotobolewa tobolewa, simama hapo uangalie kijumba kimoja kimoja. Swali linalotenganisha magonjwa mawili makubwa ni rahisi kulikumbuka: jana amekufa kabla ya kufunikwa, au baada?

Akifa kabla ya kufunikwa, angali mdogo wa siku nne au tano, amejipinda vibaya badala ya kulala kama C, ana rangi ya manjano inayokwenda kahawia, na unaona mirija myembamba myeupe ya pumzi kupitia ngozi yake, hiyo ni dalili ya uozo wa majana wa Kiulaya. Harufu yake ni ya uchachu au ya samaki aliyeharibika. Akikauka anakuwa gamba laini kama mpira, linalotoka kwa urahisi ukilichokoa.

Akifa baada ya kufunikwa, kifuniko ndicho kinachosema. Kinadidimia ndani, kinakuwa cheusi kiasi, kinang'aa kama kimepakwa mafuta, na mara nyingi kina kitobo kisicho na duara safi, kwa kuwa nyuki vibarua wameanza kukifungua na kukiacha. Hiyo ni dalili ya uozo wa majana wa Kimarekani, na huo ndio ugonjwa unaopaswa kukutia hofu. Vimelea vyake hujifungia katika mbegu ngumu zinazoishi kwenye masega na mbao kwa zaidi ya miaka 35. Jana mdogo wa chini ya siku moja anaweza kuambukizwa na mbegu kumi hivi tu, na jana mmoja aliyekufa hubeba mabilioni yake.

Magonjwa mengine mawili usiyachanganye na hayo. Majana yaliyogeuka vipande vigumu kama chaki, vinavyogongana ukitikisa fremu, ni ukungu: punguza unyevu, ongeza hewa, badilisha malkia tatizo likizidi. Na jana aliyekufa amenyooka, kichwa kimeinuka kama omo ya mtumbwi, ukimtoa anatoka mzima kama mfuko wenye maji ndani, ana virusi. Kundi lenye nguvu mara nyingi hujisafisha lenyewe.

Kipimo cha njiti

Chukua njiti ya kiberiti. Chagua kijumba chenye kifuniko kilichodidimia, toboa, ingiza njiti, korogesha taratibu, kisha uivute nje polepole mno. Uvutaji wa haraka ndio unaowadanganya wengi. Kama kilichomo kinafuata njiti kwa uzi wa kahawia, kama kamasi au gundi, ukafika sentimita mbili na nusu au zaidi kabla ya kukatika, chukulia ni uozo wa Kimarekani. Uozo wa Kiulaya kwa kawaida hautoi uzi. Ukitoa, ni mfupi na wenye chembechembe.

Usikate tamaa wala usifurahi kwa kijumba kimoja. Jana aliyekufa karibuni bado hajawa gundi, na aliyekufa zamani amekwisha kauka. Kipimo hufanya kazi katikati ya hizo nyakati mbili, mzoga ukiwa na rangi ya kahawa yenye maziwa au iliyokoza zaidi. Mimi nilihesabu vifuniko 14 vilivyodidimia kwenye fremu ile. Cha kwanza kilitoa majimaji tu. Cha pili hakikuwa na kitu, kimesafishwa. Cha tatu kilivuta uzi mwembamba wa kama sentimita tatu, ukaning'inia ukitikisika kwa upepo kabla ya kukatika. Njiti hiyo hiyo niliiacha ndani ya kijumba nilichokitoboa, na kila njiti unayotumia ifanye hivyo hivyo, iungue pamoja na sega.

Halafu nikainamisha fremu, ubao wa juu ukielekea kifuani kwangu, nikatazama ukuta wa chini wa vijumba vilivyokuwa wazi. Palikuwa na magamba meusi yamelala chini, yameshikana na ukuta. Nilijaribu kulitoa moja kwa kucha ya patasi, likang'oka na nta yake. Gamba la Kimarekani halitoki bila kuharibu kijumba. Hili ni muhimu sana kwa mzinga ambao umekwisha kufa na hauna jana hata mmoja wa kupima: magamba ndiyo ushahidi pekee uliobaki.

Kama unaweza kupata maabara au ofisa wa mifugo au nyuki, kata kipande cha sega chenye majana wagonjwa, upana wa kiganja, kisicho na asali, ukifunge kwenye karatasi. Usitumie mfuko wa nailoni, sampuli itaota ukungu njiani. Katika nchi nyingi ugonjwa huu ni wa kuripotiwa kisheria, na ofisa ndiye anayeamuru hatua inayofuata, kwa hiyo mjulishe kabla ya kuwasha moto. Wakati ukisubiri majibu, mlango ubaki mdogo na fremu yoyote isitoke wala kuingia.

Ikiwa ni uozo wa Kimarekani

Usimruhusu mtu akuuzie antibiotiki. Dawa hiyo huzuia vimelea vinavyokua lakini haigusi mbegu. Majana yatapendeza kwa muda, utaamini umepona, na ugonjwa utarudi dawa ikiisha, ukiwa umekwisha kuhamisha fremu kwenye mizinga mingine.

Kundi linaangamizwa na masega yanachomwa. Fanya jioni, nyuki wote wakiwa wamerudi. Kabla ya hapo chimba shimo la kina cha nusu mita, pana kuliko sanduku, mbali na nyasi kavu. Ziba mlango, mimina petroli kama nusu lita kati ya fremu, funika upesi. Nyuki hufa ndani ya dakika chache. Bomba la moshi la kutulizia nyuki liwe limezimwa na kuwekwa mbali kabisa. Petroli na bomba la moshi havikai pamoja. Panga vijiti mkingamo ndani ya shimo ili hewa ipite, weka fremu zote na asali yake, nyuki waliokufa na takataka za sakafuni. Washa ukiwa upande upepo unakotoka, kwa kijiti kirefu chenye kitambaa kinachowaka, na usiongeze petroli juu ya moto. Asubuhi hakikisha hakuna asali iliyobaki bila kuungua, kisha fukia.

Masanduku mazima yanaweza kuokolewa. Kwangua nta na gundi yote ya nyuki, makwanguo yaende motoni, kisha unguza ndani kwa moto wa gesi hadi mbao zibadilike rangi kuwa kahawia, ukitilia mkazo pembe na viungo. Fremu usijaribu kuziokoa. Patasi ichome kwenye moto, glovu za ngozi zitupe motoni, nguo zifue kwa maji moto na sabuni.

Kisha rudi kwenye kumbukumbu zako. Ni mizinga gani ilipokea fremu kutoka huu, au ilichangia sanduku? Mimi nilikuta miwili. Fremu zilizotumika nilizonunua kwa mfugaji aliyekuwa anaacha kazi, miezi saba kabla, nilikuwa nimezigawa kwenye mizinga mitatu, na huu ulikuwa mmoja wao. Ile miwili nikaifungia isibadilishane kitu na mingine, nikaikagua baada ya wiki tatu, tena baada ya wiki sita, kila mara nikiwatikisa nyuki wote kwenye fremu za majana ili nione kila kijumba. Wiki ya sita mmoja ulikuwa na vifuniko viwili vilivyodidimia, na uzi ukavutika. Ulichomwa pia. Uchungu wake sikuusahau, kwa kuwa kundi lile lilikuwa na nguvu na lilikuwa likizalisha.

Ikiwa ni uozo wa Kiulaya

Huu hauna mbegu ngumu kama za mwenzake, na mara nyingi kundi hupona. Hutokea zaidi majana yakiwa mengi na nyuki walezi au chakula kikiwa kichache. Lisha maji ya sukari, punguza masanduku yalingane na idadi ya nyuki, badilisha malkia: muda ambao hakuna malkia anayetaga huwapa vibarua nafasi ya kusafisha vijumba. Ukiwa umeenea, watikise nyuki wote waingie kwenye sanduku safi lenye fremu mpya, uwalishe, na uchome masega ya zamani. Hapa pia baadhi ya nchi hutaka utoe taarifa. Na asali ya mzinga wowote mgonjwa usiwalishe nyuki wengine, hata kama wewe mwenyewe unaweza kuila bila madhara.

Majana yakiwa mazima: sasa shughulika na mdudu

Kama ni nondo, kazi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ondoa masanduku ya ziada, wabane nyuki wakae kwenye masega wanayoweza kuyafunika yote. Nondo hupenda masega meusi ya zamani yaliyokwisha lelewa majana, kwa sababu chakula chake ni maganda ya majana na chavua zaidi ya nta yenyewe. Sega jeupe la asali halimvutii sana. Kwa hiyo ghala lako litenganishe: masega meusi yayeyushe upate nta au yagandishe, meupe yaning'inize penye mwanga na upepo. Friza ya nyumbani kwa siku mbili huua mayai, viwavi na nondo. Funga fremu kwenye nailoni kabla ya kuigandisha, na baada ya kuitoa usiifungue hadi irudi joto la kawaida, vinginevyo umande utatua kwenye sega na kuleta ukungu. Dawa za mipira nyeupe ya kabatini usizitie kwenye masega. Nta huzinyonya na kuzitoa tena ndani ya asali.

Ukiona mstari mnyoofu wa majana yaliyoachwa wazi vichwa, macho yao ya zambarau yakikutazama, usidhani ni ugonjwa. Kiwavi amepita chini ya vifuniko na vibarua wamefungua njia yake. Mtafute mwisho wa mstari, umtoe.

Mbawakawa anahitaji mpango wa mzinga na wa ardhi. Asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, ambako nyuki wa kwao humfukuza na kumfungia kwenye vijigereza vya gundi yao. Alipogunduliwa Florida, Marekani, mwaka 1998 alikuta nyuki wasio na ukali huo, akaangusha makundi mazima. Hata hivyo kokote anapata nafasi nyuki wakipungua, au wewe ukiuvuruga mzinga na kuwafungulia mbawakawa waliokuwa wamefungwa.

Masega yenye ute hayaokoleki. Toa yote, yatie kwenye nailoni, yagandishe au yachome siku hiyo hiyo, na asali yake usiile wala usiwalishe nyuki. Mabuu waliokomaa hutoka mzingani na kujifukia kwenye udongo laini wenye unyevu, wengi katika sentimita kumi za juu karibu na mzinga, na hutoka kama mbawakawa baada ya wiki tatu au nne. Kwa hiyo hamishia mzinga penye ardhi kavu, ngumu, yenye jua. Mitego midogo ya mafuta ya kupikia inayokaa kati ya fremu husaidia: mbawakawa akikimbia nyuki huingia humo na kuzama. Ijaze nusu tu, na uushike mzinga wima unapouhamisha.

Mahali anapowaumiza wafugaji wadogo zaidi ni chumba cha kukamulia. Fremu za asali zikitolewa kwa nyuki, hakuna tena anayelinda mayai ya mbawakawa yasianguliwe, na mengi huanguliwa ndani ya siku tatu. Kamua siku ya kuvuna au kesho yake. Ukichelewa, hakikisha chumba ni kikavu, kwa kuwa unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 50 mayai hayo hukauka. Mabuu wakianza kutembea sakafuni usiku, acha taa moja ikiwaka chini pembeni. Watakusanyika kwenye mwanga, uwafagie kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

Na zile fremu mbili za pembeni zenye nondo, katika mzinga wangu? Ziliingia shimoni pamoja na nyingine. Asali yake ilikuwa karibu kilo nne, imefunikwa vizuri, nyeupe kabisa.